Simu inasema hivi, kompyuta inasema vile: kwa nini YouTube Studio haifanani pande zote mbili

Mwenye chaneli anafungua programu ya YouTube Studio kwenye simu asubuhi, anaona video yake mpya imetazamwa mara elfu mbili na kitu. Anafika kazini, anafungua studio.youtube.com kwenye kompyuta, na ukurasa wa takwimu unamwonyesha kana kwamba video hiyo haijawahi kuwekwa. Akitafuta kitufe cha kukata kipande cha video, anakiona kwenye kompyuta lakini kwenye simu hakipo. Hapo ndipo maneno yanapoanza: wengine husema programu ya simu ni mbovu, wengine husema YouTube inawapunja.

Malalamiko hayo yamechanganya mambo mawili. Nambari kupishana ni suala moja, na kazi kukosekana upande mmoja ni suala jingine. Nambari zinapopishana, karibu kila mara sababu ni kwamba kila skrini imeulizwa swali lake: kipindi tofauti, saa tofauti, au hesabu iliyokwisha kukaguliwa dhidi ya ile ambayo bado. Kazi zinapokosekana, sababu ni jinsi programu zinavyotengenezwa na kusambazwa, au haki za akaunti iliyoingia. Anayetenganisha mambo haya mawili anaweza kujua ndani ya dakika chache kama ana tatizo la kweli au hana.

Hesabu mbichi na hesabu iliyokaguliwa

Tuanze na nambari, kwa kuwa ndizo zinazowanyima watu usingizi.

Ndani ya Studio kuna hesabu za aina mbili zinazokaa karibu karibu. Ya kwanza ni ile ya papo hapo, inayosomeka kwenye skrini kama Realtime. Hii inaonyesha saa 48 zilizopita, na ukitaka kuona kwa karibu zaidi, dakika 60 zilizopita. Ni makadirio, na shabaha yake ni kumpa mwenye chaneli picha ya haraka. Ya pili ni takwimu za kawaida, zenye grafu ya siku 7, 28, 90 au 365. Hizi huchelewa kwa siku moja hadi mbili hivi, kwa sababu mfumo hupitia kwanza utazamaji uliorekodiwa, ukiondoa ule unaoonekana kutoka kwa mashine au kwa watu waliolipwa kubonyeza.

Ni kama daftari la duka: mwenye duka akichungulia ukurasa wa leo ambao haujafungwa, na mshirika wake akasoma ukurasa wa juzi uliokwisha kupigiwa mstari, watataja fedha tofauti na hakuna aliyeiba.

Ukaguzi huo si jambo jipya. Watu waliokuwa wakitumia YouTube miaka kumi na zaidi iliyopita wanakumbuka video zilizokuwa zikikwama kwenye 301, au 301+, huku maoni na alama za kupenda zikiendelea kupanda. Nambari ya hadharani ilisimamishwa mpaka utazamaji uhakikiwe. YouTube iliuacha utaratibu huo Agosti 2015, lakini uhakiki wenyewe haukuachwa. Leo unafanyika nyuma ya pazia, na dalili yake ni hesabu inayopungua kidogo siku ya pili, au inayotulia kwa muda kisha ikaruka.

Hili linahusiana vipi na simu? Programu ya simu imepangwa kwa mtu anayechungulia mara kwa mara akiwa njiani, kwa hiyo jicho lake huangukia haraka hesabu ya video mpya na ya saa za karibuni. Kwenye kompyuta mtu akifungua ukurasa wa takwimu hukutana kwanza na grafu kubwa ya siku 28, ambayo mwisho wake haufiki leo. Simu na kompyuta zina hesabu zote mbili ukitafuta. Tofauti ni ipi inayokujia mbele bila kuitafuta.

Siku ya California na siku ya Tanga

Kuna sababu nyingine ambayo wengi hawaijui, na kwa msomaji wa Afrika Mashariki ndiyo inayovuruga hesabu kuliko zote. Takwimu za kawaida za YouTube hupanga siku kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani. Siku moja katika ripoti huanza saa sita usiku ya California na kuishia saa sita usiku inayofuata ya huko huko. Kwa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, siku hiyo huanza saa nne asubuhi katika miezi ambayo Marekani imesogeza saa zake mbele, yaani kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba. Miezi iliyobaki huanza saa tano asubuhi. Kwa aliye Goma, Kigali au Bujumbura, toa saa moja. Kwa aliye Muscat, ongeza saa moja.

Vijiti vya saa baada ya saa kwenye hesabu ya papo hapo, kinyume chake, hufuata saa za mahali alipo anayesoma takwimu. Kwa hiyo mtu anaweza kujumlisha kwa mkono vijiti vya Ijumaa kwenye simu, akasubiri siku tatu, akafungua Ijumaa ile ile kwenye kompyuta, na asipate jumla ile ile hata kama hakuna utazamaji hata mmoja uliofutwa.

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini wenye hesabu kamili. Mwenye chaneli ya mapishi aliyeko Tanga anapakia video ya pweza wa nazi Ijumaa ya mwezi wa Julai, saa moja usiku. Kuanzia hapo hadi saa sita usiku, vijiti vya simu vinajumlisha mara 1,500. Kuanzia saa sita usiku hadi saa nne asubuhi ya Jumamosi, watu walioamka mapema na walioko ughaibuni wanaongeza mara 900. Jumla ni 2,400.

Jumamosi saa mbili asubuhi anafungua kompyuta. Grafu ya siku 28 inaishia katikati ya wiki, na video ya pweza haimo. Hakuna kilichopotea. Ijumaa ya California haijaisha bado. Huko ni saa nne usiku.

Jumanne anafungua tena, anachagua Ijumaa peke yake, na anaona 2,370. Kwa akili ya Tanga Ijumaa ilikuwa na 1,500, basi hizo 870 za ziada zimetoka wapi? Zimetoka kwenye saa kumi za kwanza za Jumamosi ya Tanga, ambazo kwa California bado ni Ijumaa. Zilikuwa 900. Ukaguzi umeondoa 30 katika jumla nzima, zikabaki 870 juu ya zile 1,500. Mtu asiyejua habari ya saa angeona ongezeko la zaidi ya nusu na kufurahi bure, au siku nyingine angeona pungufu na kulaumu programu.

Jambo hili lina athari ya vitendo. Anayetaka kujua ni saa ngapi watazamaji wake wako macho asitumie safu za siku kwenye ripoti. Atumie vijiti vya papo hapo. Anayetaka kulinganisha wiki na wiki afanye kinyume: aache vijiti, achukue ripoti iliyofungwa, na akumbuke kwamba Jumapili anayoiona inaingia hadi Jumatatu asubuhi ya kwake.

Neno moja, vipimo viwili

Hata kipindi kikiwa kimoja na saa zikalingana, bado kuna mtego wa tatu: jina moja linaweza kubeba vipimo tofauti.

Mfano mkubwa wa karibuni ni Shorts, zile video fupi za wima. Tangu tarehe 31 Machi 2025, YouTube huhesabu Shorts kuwa imetazamwa kila inapoanza kucheza au kujirudia, bila kujali mtazamaji alikaa nayo kwa muda gani. Kabla ya hapo kulikuwa na kizingiti cha muda. Hesabu ya zamani haikufutwa. Ilipewa jina la Engaged views, na ndiyo inayoendelea kutumika kupima kama chaneli imefikia vigezo vya kulipwa na kugawa mapato ya Shorts. Shida ni mahali inapokaa. Mwenye chaneli huipata kwenye kompyuta, ndani ya sehemu iitwayo Advanced mode, ambako mtu hupanga mwenyewe safu na vichujio. Kwenye simu anachokiona mbele ni ile hesabu kubwa.

Matokeo yake yanatabirika. Mwenye Shorts maarufu huona nambari nono kwenye simu, akaamini yuko mlangoni mwa malipo, kisha kwenye kompyuta akakuta hesabu inayomhusu ni ndogo. Zote mbili ni sahihi. Moja inaeleza video imejitokeza na kuanza mara ngapi, nyingine inaeleza watu waliobaki nayo.

Mtego wa namna hiyo hiyo uko kwenye saa za kutazamwa. Ili chaneli iingie kwenye mpango kamili wa kugawana mapato ya matangazo, inahitaji wafuatiliaji 1,000 pamoja na saa 4,000 za kutazamwa hadharani ndani ya miezi 12, au utazamaji halali wa Shorts milioni 10 ndani ya siku 90. Mwenye chaneli hufungua takwimu, huchagua siku 365, na husoma saa za kutazamwa. Kisha hufungua ukurasa wa Earn na kukuta nambari ndogo zaidi.

Tuseme takwimu zinasema saa 4,350. Ndani yake saa 520 zimetoka kwenye mkondo wa Shorts, ambazo hazihesabiwi kwenye zile 4,000. Saa 180 ni za video isiyoorodheshwa hadharani, labda mafundisho aliyowatumia wanafunzi wake kwa kiungo. Saa 60 ni za video aliyoifuta. Ukizitoa zote zinabaki 3,590, na ndizo zitakazoonekana kwenye Earn. Bado ana upungufu wa saa 410. Saa zilizopatikana kwa kulipia video kama tangazo nazo hutolewa. Ukurasa wa Earn upo kwenye simu na kwenye kompyuta, na ndio unaoamua; takwimu za kawaida, upande wowote zinakosomwa, haziamui.

Wafuatiliaji nao wana hesabu zao tatu. Ukurasa wa hadharani wa chaneli yenye zaidi ya wafuatiliaji 1,000 hukata nambari tangu Septemba 2019: chaneli yenye 12,345 huonyeshwa kama elfu 12.3. Ndani ya Studio mwenyewe huiona nambari kamili ya wakati huo. Kwenye ripoti za takwimu huona walioingia na waliotoka kwa siku, wakiwa wamechelewa siku mbili hivi na akaunti za uongo zikiwa zimeondolewa. Mtu anayeshika simu yenye ukurasa wa hadharani mkono mmoja na Studio mkono wa pili asishangae.

Mapato ndiyo yenye tahadhari kubwa zaidi. Kinachosomeka ndani ya Studio ni makadirio, na yanaweza kurekebishwa kwa sababu ya ubonyezaji usio halali wa matangazo au madai ya hakimiliki. Hesabu ya mwisho ya mwezi huingia kwenye AdSense kati ya tarehe 7 na 12 ya mwezi unaofuata, na hiyo ndiyo inayolipwa. Kwenye kompyuta, ukiingia Settings kisha General, kuna mahali pa kuchagua sarafu. Kabla ya kulinganisha mapato ya skrini mbili, tazama kwanza alama iliyo mbele ya nambari: shilingi na dola zimewahi kuwatia watu presha bila sababu.

Kazi ambazo simu haina

Sasa tugeukie kazi zinazokosekana. Hapa hakuna mtego wa hesabu. Ni kweli kwamba vifaa hivi havilingani.

Kwenye kompyuta ndiko kuliko na Editor, sehemu ya kukata vipande vya video iliyokwisha kupakiwa, kuficha nyuso na kubadilisha muziki. Huko ndiko kuliko na Advanced mode, na ndiko unakoweza kupakua jedwali la takwimu kwenye faili, hadi mistari 500 kwa mara moja. Huko huko hufanyika jaribio la picha za jalada: unaweka hadi picha tatu kwa video moja, YouTube inazigawa kwa watazamaji kwa muda usiozidi wiki mbili, kisha inabakiza ile iliyoleta sehemu kubwa ya muda wa kutazama. Anayetaka kubadilisha maelezo ya video hamsini kwa mkupuo naye anahitaji kompyuta.

Simu nayo ina vyake. Kamera ya Shorts na maktaba ya sauti zake viko kwenye programu ya kawaida ya YouTube ya simu. Kutoka kwenye kompyuta unaweza kupakia video ya wima iliyokwisha kutengenezwa, na tangu tarehe 15 Oktoba 2024 inaruhusiwa kufika dakika tatu, lakini huwezi kuirekodi hapo kwa kutumia vifaa hivyo. Taarifa ya maoni mapya au ya video iliyovuka kiwango fulani hukufikia mfukoni, na kujibu maoni ukiwa kwenye daladala ni kazi ya simu.

Kwa nini basi wasiviweke vyote kila mahali? Sehemu ya jibu ni ukubwa wa skrini. Jedwali lenye safu kumi halisomeki kwenye kioo cha inchi sita, na kukata video kwa usahihi wa nusu sekunde kwa kidole gumba ni mateso. Lakini sehemu kubwa zaidi ya jibu iko kwenye njia ambayo kazi mpya hupitia kufika kwa mtumiaji.

Ukurasa wa kivinjari hupakuliwa upya kutoka kwenye seva kila unapofunguliwa. Mafundi wakiweka kitu kipya leo, anayefungua ukurasa leo anaweza kukiona. Programu ya simu inakaa ndani ya simu yenyewe. Kitu kipya hutengenezwa mara mbili, kwa Android na kwa iPhone, hukaguliwa na duka la programu, kisha husubiri mwenye simu apakue sasisho. Na maduka hayo yenyewe huruhusu sasisho litolewe kidogo kidogo. Apple humpa mtengenezaji mpango wa siku saba kwa simu zinazojisasisha zenyewe: asilimia 1 ya watumiaji siku ya kwanza, kisha 2, 5, 10, 20, 50, na siku ya saba 100. Google Play nayo humruhusu achague asilimia ya watu watakaoanza. Lengo ni kwamba likitokea kosa, liwaguse wachache.

Hapo mazingira yetu yanaongeza ucheleweshaji mwingine. Wengi hupima bando, hivyo huzima masasisho ya kujiendesha. Simu ya zamani ikiachwa nyuma na toleo la Android linalohitajika, Play Store haitampa mwenye nayo toleo jipya la programu. Ataendelea na la zamani mpaka siku litakapoacha kufanya kazi. Watu wawili wenye chaneli moja, mmoja na simu ya mwaka huu na mwingine na simu ya miaka saba iliyopita, wanaweza kuona menyu tofauti kabisa.

Juu ya hayo yote kuna swichi zinazokaa kwenye seva. Kampuni huweka kazi mpya ndani ya programu ikiwa imezimwa, kisha huiwasha kwa kundi dogo la akaunti ili kupima. Ndiyo maana watu wawili wenye toleo lile lile la programu, kwenye simu za aina moja, wanaweza kutofautiana. Kufuta programu na kuisakinisha upya hakusaidii kitu hapo, kwa sababu uamuzi haupo ndani ya simu.

Kinachoonekana kama kifaa kumbe ni akaunti

Kuna kundi la malalamiko ambayo hayahusu simu wala kompyuta, na ni makubwa kuliko watu wanavyodhani. Mtu anasema: kwenye kompyuta naona mapato, kwenye simu sehemu ya mapato haipo kabisa. Swali la kwanza la kumuuliza ni kama kote ameingia kwa barua pepe ile ile.

Studio huruhusu mwenye chaneli kuwapa wengine vyeo. Kuna mmiliki, meneja, mhariri, mtazamaji wa takwimu na mhariri wa manukuu. Mhariri na mtazamaji kila mmoja ana toleo lenye mipaka, na mipaka hiyo ni mapato: aliyeingia kwa cheo hicho haoni fedha. Sasa fikiria kijana anayesimamia chaneli ya mwanamuziki. Kompyuta ya ofisi imeingia kwa akaunti ya mwanamuziki mwenyewe, yaani mmiliki. Simu ya kijana imeingia kwa barua pepe yake binafsi, iliyopewa cheo cha mhariri mwenye mipaka. Atasema simu imeficha mapato. Kwa kweli simu imemtii mwenye chaneli.

Pia kuna wenye chaneli mbili au tatu chini ya barua pepe moja. Kivinjari hukumbuka chaneli iliyofunguliwa mara ya mwisho, na programu ya simu hukumbuka ya kwake. Picha ndogo ya duara kwenye kona ndiyo inayoonyesha uko chaneli gani, na watu wengi hawaitazami.

Sababu nyingine ni viwango vya uthibitisho. Akaunti ambayo haijathibitishwa kwa nambari ya simu haiwezi kupakia video inayozidi dakika 15, wala kuweka picha ya jalada iliyotengenezwa kando. Mtu akikosa kitufe cha jalada kwenye simu, mara nyingi hata kwenye kompyuta hakipo, hajaangalia tu. Kwenye kompyuta, Settings, kisha Channel, kisha Feature eligibility, inaonyesha ni nini kimefunguliwa na nini bado. Editor nayo ina sharti lake: video iliyotazamwa zaidi ya mara 100,000 inaweza kukataa kuhifadhi mabadiliko, isipokuwa kuficha nyuso, kama chaneli haimo kwenye mpango wa kulipwa.

Namna ya kupima

Kwa hiyo kabla ya kulalamika kuna kipimo kimoja kinachotosha, na hakihitaji utaalamu. Kinafanywa kwa video moja na siku moja.

Chagua siku iliyopita angalau siku tatu. Hakikisha picha ya duara ni ile ile pande zote mbili. Fungua takwimu za video hiyo, wala usisome nambari iliyo kwenye orodha ya video, kwa kuwa orodha huonyesha jumla ya tangu video ilipowekwa. Kwenye kompyuta weka tarehe ya kuanzia na ya kuishia kuwa siku hiyo moja. Kwenye simu chagua kipindi kinachoijumuisha, kisha gusa siku hiyo kwenye grafu. Soma kipimo chenye jina lile lile. Ukipata 2,370 hapa na 2,370 pale, programu yako ni nzima, na tofauti zote ulizoziona awali zilitokana na kipindi, saa au ukaguzi.

Nambari zikikataa kulingana, vuta skrini ya simu kwenda chini ili isome upya, kwa sababu programu huhifadhi ilichosoma mara ya mwisho na mtandao ukiwa dhaifu inaweza kukionyesha kama cha sasa. Kisha sasisha programu. Kisha fungua studio.youtube.com kwenye kivinjari cha simu hiyo hiyo. Ukurasa utakushawishi ufungue programu, lakini una njia ya kuendelea ndani ya kivinjari, na Chrome ikiwekwa kuonyesha tovuti kama ya kompyuta utapata karibu kila kitu, ingawa kwa herufi ndogo. Hii ni njia ya kweli kwa asiye na kompyuta, na inamwepusha kuingiza nywila yake kwenye mashine ya mgahawa wa intaneti.

Kivinjari cha simu kikionyesha 2,370 na programu iliyo kwenye simu hiyo hiyo ikaendelea kusema 1,900 kwa siku hiyo moja, basi umepata hitilafu ya kweli. Piga picha skrini zote mbili, tarehe zikionekana, na uzitume kupitia Send feedback iliyo kwenye menyu. Hitilafu za kuchelewa kwa takwimu hutokea, na akaunti ya TeamYouTube kwenye mitandao ya kijamii huzitangaza zinapowagusa wengi.

Kuhusu kazi zinazokosekana, mpangilio wa maswali ni mfupi zaidi. Je, cheo changu kinaruhusu? Je, chaneli yangu imefikia sharti la kazi hiyo? Je, toleo la programu ni jipya? Majibu yote yakiwa ndiyo na bado kitufe hakipo kwenye simu, basi ama kazi hiyo ni ya kompyuta peke yake, ama swichi ya akaunti yako haijawashwa. Katika hali zote mbili hakuna mpangilio wa siri wa kuifungua, na wanaouza masomo ya kuifungua wanauza hewa.

Hukumu basi ni hii. Simu inatosha kwa kazi za kila saa: kufuatilia video mpya, kujibu maoni, kurekebisha kichwa kilichokosewa herufi. Kwa maamuzi yanayogusa fedha, mkataba na mdhamini, au maombi ya kulipwa, nambari za kutegemea ni tatu tu: ripoti ya kivinjari iliyofungwa siku tatu au zaidi, ukurasa wa Earn, na hesabu ya AdSense baada ya tarehe 12. Mdhamini anayetaka uthibitisho apewe faili iliyopakuliwa kwenye kompyuta yenye tarehe zake, asitumiwe picha ya skrini ya simu iliyopigwa usiku video ilipowekwa.